Mradi wa Uchumi, Kidato cha Tano: bei za vyakula vya mitaani, muhula na likizo

Chagua wazo moja.

1. Maandazi na mihogo ya kukaanga. Teua meza mbili: moja langoni mwa shule, nyingine stendi ya daladala. Hesabu vipande vinavyouzwa saa 4 hadi 5 asubuhi, siku tano za Mei na tano za likizo ya Juni. Stendi ndiyo kipimo chako: ikishuka nayo, sababu si likizo pekee. Mwaka ambao Ramadhani inaangukia siku zako, badilisha tarehe, maana wateja wa mchana hupungua.

2. Chipsi: bei iliyojificha. Hapa ndipo wengi hukosea. Sahani inaweza kubaki shilingi 2,000 huku viazi vikipungua, hivyo nunua na upime kwa mizani. Gramu 400 zikiwa 320, bei ya gramu imepanda kutoka shilingi 5 hadi 6.25, yaani asilimia 25. Andika pia bei ya mafuta na gunia la viazi.

Usikokotoe unyumbufu kwa kulinganisha muhula na likizo: wanunuzi wameondoka, mchoro mzima wa mahitaji umehama.