Yah: Ombi la dakika 20 kuhusu kazi ya upimaji wa maji ardhini

Jumanne, 4 Juni 2024, saa 1:40 asubuhi

Habari za asubuhi, Bi. Rehema.

Naitwa Baraka, ni fundi wa pampu za sola hapa Dodoma. Hatufahamiani. Jina lako nimelikuta kwenye ripoti ya upimaji wa kisima cha shule moja wilayani Chamwino, ambako tulifunga pampu mwezi Machi. Uliikataa sehemu ya bondeni waliyoitaka wanakijiji, ukaeleza kuwa ukinzani mdogo wa umeme uliosomeka ardhini pale ni wa mfinyanzi, si wa maji. Ukaelekeza kisima kichimbwe mita 140 juu zaidi, penye mpasuko wa mwamba. Tulipokipima, ndoo ya lita 20 ilijaa kwa sekunde 24, yaani lita 3,000 kwa saa, na saa sita baadaye ilikuwa bado sekunde 24.

Nataka kuhamia kwenye kazi hiyo ya upimaji. Naomba dakika 20 zako, kwa simu au ana kwa ana, nikuulize mambo matatu:

1. Nina stashahada ya umeme. Nianze kwa kusomea haidrojiolojia na uchimbaji wa visima pale Chuo cha Maji, nisome jiolojia Chuo cha Madini hapa Dodoma, au nianze uwandani kama msaidizi wa kuvuta nyaya?

2. Visima vingi tunavyovikuta vinatoa maji pungufu ya yale yaliyoandikwa na wachimbaji. Pampu ya lita 5,000 kwa saa ikiwekwa kwenye kisima cha 3,000, inakausha, inavuta mchanga na mota inaungua. Kosa hilo huanzia wapi?

3. Mvua zikianza Desemba hadi zikatike Aprili, mpimaji anaishi kwa kazi gani?

Siombi ajira, ndiyo maana sijaambatanisha wasifu. Jumanne na Alhamisi nipo mjini kuanzia saa 10 jioni. Siku nyingine huwa Bahi au Mpwapwa, na mtandao wa huko ni wa kubahatisha. Nitapiga mimi, na dakika 20 zikitimia nitaaga hata kama maswali hayajaisha. Ukiwa huna nafasi, niandikie neno moja tu nami nitaelewa.

Natanguliza shukrani.

Baraka
Fundi wa pampu za sola, Dodoma

Alhamisi, 13 Juni 2024, saa 12:55 asubuhi

Habari za kazi, Bi. Rehema.

Nilikuandikia tarehe 4 kuomba dakika 20 kuhusu kazi ya upimaji wa maji ardhini. Najua huu ni msimu wa uwandani na huenda barua imepitwa, kwa hiyo nairudisha juu mara hii moja. Kama dakika 20 ni nyingi, swali la kwanza peke yake linanitosha, hata kwa ujumbe wa sauti utakapopata nafasi barabarani. Sitaandika tena baada ya hii, ili nisikusumbue.

Baraka

Jumamosi, 15 Juni 2024, saa 3:20 usiku

Salama, Baraka. Uniwie radhi, nilikuwa Bahi siku tisa.

Tuzungumze Alhamisi tarehe 20, baada ya sikukuu ya Idi, saa 11 jioni. Namba yangu ni ile iliyo kwenye jalada la ripoti uliyoisoma. Swali la pili nalijibu hapa kwa maandishi, maana lina mambo ya kurudia kusoma, ili muda wa simu tuutumie kwa swali la kwanza.

Wachimbaji wakifika mwisho hupuliza kisima kwa kompresa na kupima maji yanayorushwa, aghalabu kwa saa moja au mbili. Hicho ndicho kipimo unachokikuta kwenye fomu. Si lazima mtu awe amedanganya. Miamba yetu ya huku ni migumu, maji hukaa kwenye tabaka lililooza juu na kwenye nyufa chini yake, na ufa haubebi maji mengi. Kompresa inakamua yale yaliyokwisha jikusanya. Baada ya hapo kisima kinaishi kwa yale yanayojipenyeza taratibu kutoka tabaka la juu, na kiasi hicho hukioni ndani ya saa mbili. Kuna na suala la majira. Kisima kilichopimwa Aprili, mvua zimetoka tu kukatika, na kilekile Novemba ni kama visima viwili.

Dawa yake ni kupampu kwa saa 24 mfululizo kwa mtiririko usiobadilika, ukiandika kina cha maji kila dakika mwanzoni kisha kwa nafasi ndefu zaidi, halafu unazima na kupima maji yanavyopanda. Wateja wengi hukwepa gharama ya jenereta na mafuta ya usiku mzima. Ndoo yako ya saa sita ni bora kuliko kompresa, lakini ndoo pekee haitoshi: usipopima kina wakati huohuo huwezi kujua kama maji yametulia au bado yanashuka. Pampu inaweza kutoa lita zilezile saa sita nzima huku maji yakiendelea kuteremka, kisha saa ya saba ikavuta hewa.

Sasa nami nina ombi, na ndilo lililonifanya nijibu usiku huu badala ya kusubiri Jumatatu. Mpimaji akishakabidhi ripoti, mara nyingi habari za kisima hazimrudii tena. Grafu ya ukinzani haina tafsiri moja: tabaka jembamba lenye ukinzani mdogo sana na tabaka nene lenye ukinzani wa wastani vinaweza kuchora mstari uleule. Njia ya kujua ni kulinganisha na visima vilivyokwisha chimbwa jirani. Wewe una hivyo visima mkononi. Kama unaandika kina cha kisima, kina cha maji kabla ya kupampu, lita kwa saa na tarehe, nitumie hata vitano tu kabla ya Alhamisi. Majina ya wateja yaondoe.

Ukipata kompyuta, pakua programu ya IPI2Win. Ingiza vipimo vilivyo kwenye jedwali la mwisho la ripoti ile ya shule, ujaribu kupata matabaka yako kabla ya kuangalia yangu. Ukiona tofauti, hayo ndiyo maongezi yetu.

Rehema

Jumapili, 16 Juni 2024, saa 11:15 alfajiri

Shikamoo, dada Rehema.

Nashukuru sana. Alhamisi tarehe 20 saa 11 jioni nitapiga. Nitakuwa mjini mahali penye utulivu, na ikikatika nitakutumia ujumbe mfupi badala ya kupiga mfululizo.

Nimeambatanisha visima 11, si vitano: saba vya Chamwino, vitatu vya Bahi na kimoja cha Mpwapwa. Vinane vina kina cha maji kabla ya kupampu. Vitatu havina, kwa sababu tulikuta pampu ya zamani imezama ndani na kamba ya kupimia haikupita. Hivyo nimeviwekea alama ili usivitegemee. Kwenye viwili vya Bahi wenyeji walilalamikia chumvi. Maabara hakikupelekwa hata kimoja, kwa hiyo nimeandika tu "yana ladha ya chumvi" bila namba. Floraidi nayo haikupimwa.

Nimeijaribu programu. Mimi nimepata matabaka matatu, ripoti yako ina manne. Nadhani lile la pili jembamba nimelimeza ndani ya la tatu. Nitaanza na hilo, kisha swali la kwanza. Swali la msimu wa mvua tuliache kama muda utakuwa umekwisha.

Idi njema kwako na nyumbani.

Baraka

Ijumaa, 21 Juni 2024, saa 1:10 asubuhi

Shikamoo, dada Rehema.

Ahsante kwa jana. Niliahidi dakika 20, ukaniongezea 15 kwa hiari yako. Naandika niliyoyashika, unisahihishe nilipokosea.

Kuhusu masomo, umeniambia stashahada ya umeme haipotei, kwa kuwa upimaji wenyewe ni kupitisha mkondo ardhini na kusoma volti. Pengo langu ni jiolojia. Kwa hiyo niombe Chuo cha Maji, lakini kwanza nimalize msimu huu uwandani, nijue kama kazi yenyewe naiweza kabla ya kulipa ada. Kabla ya safari yoyote nipate ramani ya jiolojia ya eneo kutoka Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, ambayo ipo hapahapa Dodoma, na nijue kijiji kiko bonde gani la maji: Bahi ni Bonde la Kati, ofisi ya bodi yake ya maji iko Singida, wakati upande wa Makutupora ni Wami/Ruvu. Nikikosea bonde, maombi ya kibali yanazunguka bure.

Kuhusu tabaka nililolimeza, nimelipata. Nilikuwa nimeruka vipimo viwili vya katikati nikidhani ni makosa kwa sababu vilipanda ghafla. Nilipovirudisha, tabaka la nne likatokea.

Kuhusu mvua, nimeelewa kwamba miezi ile ni ya kuandika ripoti, kufuatilia vibali na kupima kina cha maji kwenye visima vya zamani, na kwamba asiyejiwekea akiba kati ya Mei na Novemba hulazimika kukubali kazi mbovu.

Umenikaribisha kuja siku moja kuvuta nyaya, Jumatano tarehe 3 Julai. Nimemwomba ruhusa msimamizi wangu na amekubali. Nitakuja na nyundo mbili, madumu mawili ya maji na kilo mbili za chumvi ya kumwagia kwenye vigingi, kwa kuwa ulisema ardhi ya Julai ikiwa kavu mkondo haupiti na vipimo vinarukaruka. Nyaya za mita 150 kila upande ulisema unazo. Nauli na chakula changu najitegemea.

Vile visima vitatu visivyo na kina cha maji, kimoja tutakitoa pampu Jumanne ijayo kwa matengenezo. Nitakipima asubuhi kabla hakijaguswa, na namba nitakutumia siku hiyohiyo.

Baraka