Hesabu ya Baba Furaha

Kamba ilisema 118. Vidole vyake vilisema 111.

Baba Furaha alisogeza taa ya sola karibu na beseni, akaipangusa kioo kwa kiganja maana wadudu wa ziwa walikuwa wameifunika. Alishika kamba tena na kupapasa mafundo moja moja. Kumi na moja. Kila fundo ngege kumi, kama alivyofundishwa na marehemu baba yake, na juu yake wale wanane wa wavu wa mwisho ambao hakuwafungia fundo. Hapo hakuna cha kubishana.

Mtumbwi ulikuwa umetia nanga nje kidogo ya Ntoroko, mwalo wa Ziwa Albert upande wa Uganda, wakisubiri kupambazuke. Upande wa Kongo taa za wavuvi zilikuwa zimebaki chache. Ramadhani alilala kwenye omo, koti kichwani, miguu ndani ya maji yaliyotuama chini ya mbao.

Akaanza upya. Aliwatoa wawili wawili, mkono huu mmoja na mkono huu mmoja, akiwapitisha beseni hadi beseni. Ngege akishakufa huwa na ute, na ukimshika vibaya miiba ya mgongoni inakuingia chini ya kucha. Alipofika 60 mmoja aliteleza, akaanguka katikati ya nyavu. Alimtafuta kwa kupapasa, akamwona, akamtupia kwenye beseni. Sasa huyu alikuwa wa 60 au wa 61? Aliendelea na 61, moyo ukikataa. Mwisho akapata 116.

Samaki saba kwa bei ya Mama Neema ni shilingi 21,000. Si pesa ya kuchezea, lakini iliyomuuma haikuwa pesa. Pale mwaloni, mabeseni ya wengine yanamwagwa na kuhesabiwa mbele ya mashahidi. Yake hayamwagwi. Akisema themanini, zinaandikwa themanini. Jina hilo alilipata kabla Furaha hajazaliwa, na Furaha sasa ana watoto.

Alimtazama Ramadhani. Usiku wa manane mtumbwi mwingine ulipita karibu, wakasalimiana, kijana akaomba kiberiti. Yeye alikuwa amewageuzia mgongo, akihangaika na injini. Kupitisha samaki watano gizani kunachukua muda gani? Wazo hilo likamkaa kooni. Kisha akakumbuka wale wadogo. Ngege asiyefika kipimo harudi naye nchi kavu. Tangu wanajeshi walipoanza kulinda maziwa mwaka 2017, amewaona watu wakichomewa mitumbwi kwa sababu ya samaki wa kiganja. Kuna waliorudishwa majini usiku ule. Je, aliwafungia fundo kabla ya kuwapima kwenye alama ya kasia, au baada?

Hakukumbuka. Alijaribu kuuona mkono wake ukifunga, hakuona.

"Rama. Amka mwanangu."

"Tumefika, mzee?"

"Bado. Wale wadogo tuliwarudisha wangapi?"

Kijana alijikuna kichwa. "Wanne? Watano? Mimi nilitupa ulionipa. Hesabu ni yako, mzee."

Alisema bila kukwepa macho. Baba Furaha aliona haya kwa lile alilokuwa amelimeza kooni, akainama kuvuta nanga.

Kulipokucha Mama Neema alikuwa ameshafika na sanduku la barafu, daftari kwapani.

"Shikamoo baba. Leo ngapi?"

"Marahaba. Mwaga uhesabu."

Alicheka, akafungua daftari. "Baba Furaha, nitaje ngapi?"

"Nimesema mwaga, mama."

Wanawake wawili waliokuwa wakiparua samaki waliinua vichwa. Mama Neema aliacha kucheka. Alitandaza turubai mchangani, akamwaga, akahesabu kwa sauti huku akiwapanga kumi kumi, vichwa upande mmoja. Ramadhani alisimama nyuma yake akifuatisha kwa midomo. Baba Furaha hakuhesabu. Aliangalia safu zikiongezeka: saba, tisa, kumi na moja.

"Mia moja na kumi na saba."

"Una hakika?"

"Rama, umepata ngapi?"

"117, mama."

"Andika hiyo," Baba Furaha alisema.

"Na wewe ulikuwa nayo ngapi?"

"118. Halafu 111. Halafu 116." Alizitaja polepole, wale waparuaji wakisikia. "Macho, mama. Au kichwa. Sijui ni kipi."

Mama Neema aliandika, akatoa deni la nyavu 150,000, akamnyooshea 201,000 zilizobaki. Hakuzipokea. Alimwonyesha Ramadhani kwa kidevu.

"Mpe yeye. Azihesabu, atoe ya petroli, atoe fungu lake, halafu anipe langu."

Ramadhani alifuta mikono kwenye suruali, akapokea, akachuchumaa mchangani na kuanza kuzipanga noti kwenye goti.