Makabidhiano ya michoro: volkano, ziwa na tahadhari

Goma, 8 Novemba 2024

Dada Furaha,

Kuanzia Jumatatu michoro yote ya kikundi iko chini yako. Mimi nahamia Bukavu, lakini namba yangu haibadiliki. Soma hati hii ukiwa umefungua faili zenyewe pembeni, la sivyo nusu yake itakuwa hewa tu.

Kilichopo

Michoro inayotumika kweli ni mitano: ramani ya mji na njia za lava, mlima Nyiragongo uliopasuliwa kati, ziwa Kivu lililopasuliwa kati, mchoro wa tahadhari (nani anamwarifu nani), na bango dogo la mazuku, ile hewa mbaya inayotuama mabondeni. Utakuta na mingine kama ishirini hivi. Hiyo ni ya semina za zamani, iache ilale.

```
michoro/
  vyanzo/   data ghafi, usiguse
  kazi/     .svg .qgz .dot
  tayari/   PDF za kuchapisha
  zamani/   matoleo yaliyostaafu
```

Sheria ni moja: mtu akiomba bango, anapewa faili kutoka `tayari` tu. Kuna mwalimu wa Ndosho aliyechukua faili kutoka `kazi`, na darasa zima likasoma ramani yenye maneno «uliza hapa» katikati ya Birere.

Vyanzo

Barabara, kartie na ufuko vimetoka OpenStreetMap. Jina hilo lazima lionekane kwenye kila ramani, ndilo sharti la leseni yao. Kabla ya kuchapisha upya, pakua data mpya, maana upande wa kaskazini nyumba zinaota haraka kuliko sisi tunavyochora.

Miinuko ni ya SRTM, iliyopimwa na chombo cha anga Februari 2000. Kila kipande chake ni takriban mita 30 kwa 30. Angalia huo mwaka vizuri: ni kabla ya lava ya Januari 2002, na mbali kabisa kabla ya ile ya Mei 2021. Kwa umbo la jumla la mteremko inatosha, lakini usiitumie kamwe kuonyesha kina cha kreta. Sakafu ya kreta ya Nyiragongo hupanda na kushuka, na iliyomo kwenye data ile haipo tena. Kwa hiyo ndani ya kreta tumeacha rangi tupu bila namba. Watu watakuomba namba. Kataa.

Mipaka ya lava ina uzito tofauti kwa kila mwaka. Ya 2021 ilichorwa juu ya picha za setilaiti ya Sentinel-2, zenye vipande vya mita 10, baada ya kusubiri siku isiyo na mawingu. Ya 2002 ilichorwa juu ya picha za Landsat, zenye vipande vya mita 30. Ya 1977 imenakiliwa kutoka ramani ya karatasi iliyopita kwenye fotokopi mara nyingi, ndiyo maana mstari wake ni wa vidoti. Usiunyooshe uwe mstari kamili hata kama mtu atakuambia unapendeza zaidi.

Vifaa

Ramani ni QGIS 3.34. Mradi wote uko kwenye `EPSG:32735`, yaani UTM kanda ya 35 kusini. Mtu akikuletea nukta za GPS kwa digrii, ziingize kwanza kama `EPSG:4326`, kisha acha QGIS izigeuze yenyewe. Usizigeuze kwa mkono.

Michoro mingine ni Inkscape. Fonti ni Noto Sans peke yake. Imprimeri nyingi za mjini hazina fonti yetu, na maneno hugeuka visanduku, kwa hiyo toa PDF ambayo herufi zimegeuzwa kuwa maumbo:

```
inkscape ziwa.svg --export-type=pdf --export-text-to-path
```

Faili ya `.svg` ibaki na maneno yanayoweza kurekebishwa.

Mchoro wa tahadhari unaandikwa, hauchorwi kwa panya. Ni Graphviz, na faili nzima ni hii:

```
digraph tahadhari {
  node [shape=box, fontname="Noto Sans"];
  "Waangalizi wa volkano" -> "Gavana";
  "Gavana" -> "Meri" -> "Komini";
  "Komini" -> "Kartie" -> "Avenyi";
  "Avenyi" -> "Nyumba kumi";
}
```

```
dot -Tsvg tahadhari.dot -o tahadhari.svg
```

Ukiongeza ngazi, ongeza mstari mmoja tu na visanduku vitajipanga.

Desturi zetu

Juu ya karatasi ni kaskazini. Hapa Goma ni bahati njema, kwa sababu mlima unakuwa juu na ziwa chini, sawasawa na watu wanavyosema «kupanda» na «kushuka» mjini. Ukija kutengeneza toleo la Bukavu, ziwa litakuwa juu ya karatasi. Watakuomba uigeuze. Usiigeuze, maana mtu mwenye ramani zote mbili mkononi atapotea.

Rangi nne, kijani, njano, rangi ya chungwa na nyekundu, ni za ngazi za tahadhari tu. Hakuna kitu kingine kinachopakwa nyekundu, hata lava. Lava ni kijivu na mistari: ya 1977 mistari ya mlalo, ya 2002 mistari ya mshazari, ya 2021 vidoti vizito. Sababu ni fotokopi. Bango likitoka kwetu lina rangi, likifika kwa shefu wa avenyi ni nyeusi na nyeupe. Kwa hiyo kila ngazi ya tahadhari ina na umbo lake: duara, mraba, pembetatu, nyota. Kila toleo jipya lipitishe kwanza kwenye mashine mbovu kuliko zote unayoijua. Zile za Katindo zinafaa sana.

Lugha: Kiswahili kikubwa juu, Kifaransa kidogo chini. Kwenye kona ya kulia chini weka tarehe ya toleo na vyanzo. Mchoro usio na tarehe hautoki.

Kasoro zinazojulikana

Hapa nenda polepole. Nimezipanga kwa hatari zake kwa anayeshika karatasi, sio kwa ugumu wa kuzirekebisha.

*Mshale wa Sake.* Ramani ya mji ina mishale ya kuhama: magharibi kwenda Sake, mashariki kuvuka mpaka, na kusini kwa boti. Ule wa Sake uliwekwa kwa sababu tarehe 27 Mei 2021, sehemu kubwa ya mji ilipoamriwa kuondoka, huko ndiko wengi walikoelekezwa. Leo unajua mwenyewe hali ya barabara ile tangu vita vilipoifikia Februari. Nimeiondoa PDF hiyo kwenye `tayari`, na mtu asikubembeleze kuirudisha. Shida ni nakala zilizobandikwa tayari kwenye makanisa na mashule. Mshale mpya usiubuni wewe wala mimi, utoke kwa wenye mamlaka, kwa maandishi.

*Kambi hazimo.* Kambi za waliokimbia vita, Kanyaruchinya, Bulengo na nyingine, hazionekani kwenye ramani, au zinaonekana kama mashamba. Kanyaruchinya iko upande ule ule lava inakoshukia. Bulengo na ufuko wote wa magharibi ni eneo la mazuku. Yaani waliosahauliwa na ramani ndio wanaoihitaji kwanza. Mimi ningeanza na hili kabla ya jambo lingine lolote.

*Mlima unaofurika kwa juu.* Kwenye mchoro wa mlima, lava inamwagika kutoka mdomo wa kreta kama maziwa yaliyochemka. Sivyo ilivyokuwa. Mwaka 1977, 2002 na 2021 lava ilitoka kwenye nyufa za ubavuni, na mwaka 2002 nyufa zilishuka hadi karibu na mji, lava ikapita kiwanja cha ndege na katikati ya mji mpaka ziwani. Tofauti hii si ya urembo. Anayeamini mchoro wetu atakaa akitazama kilele, wakati ardhi inaweza kufunguka chini zaidi, karibu naye. Toleo la marekebisho ni `mlima_nyufa.svg`, limefika nusu: nyufa zimo, maelezo ya pembeni bado.

*Mteremko uliokuzwa.* Kutoka kreta hadi ufukoni ni kama kilomita 18, na kilele ni mita 3,470 wakati ziwa liko karibu mita 1,460. Kwa vipimo vya kweli, kwenye upana wa sentimita 36, mlima ungekuwa sentimita 4 tu. Tumekuza urefu mara 3. Maneno «urefu umekuzwa mara 3» yapo, lakini ni madogo mno, na watu wanaona ukuta. Yakuze. Hata kupunguza iwe mara 2 sitapinga.

*Puto chini ya ziwa.* Mchoro wa zamani wa ziwa una kiputo kikubwa cha gesi kimelala chini kabisa. Watu wameuliza kama nyavu zinaweza kukitoboa. Gesi ya Kivu imeyeyuka ndani ya maji yenyewe, kama ya soda iliyofungwa, na uzito wa maji ya juu ndio unaoizuia. Takwimu tunazoandika, takriban kilomita za ujazo 300 za kaboni dioksidi na 60 za methani, ni ujazo ambao gesi ingekuwa nao kwenye kanieneo ya juu ya ardhi. Bila maelezo hayo, mwanafunzi anajumlisha na kuona zaidi ya nusu ya ziwa ni gesi, na hana kosa. Toleo jipya linatumia nukta zinazozidi kusongamana kadiri unavyoshuka, na mstari mzito karibu mita 260, ambapo maji ya chini yanakuwa mazito ghafla. Kina cha mwisho ni mita 485.

Kwenye mchoro huo huo, sambaza wamechorwa mpaka chini. Wapandishe wote juu ya mita 60 hivi, chini ya hapo hakuna oksijeni.

*Tahadhari ya mstari mmoja.* Mchoro wa Graphviz unaonyesha habari ikishuka ngazi kwa ngazi bila kukwama. Usiku wa 22 Mei 2021 watu walikimbia walipoona anga nyekundu, kabla karatasi yoyote haijashuka popote. Redio, simu na makanisa hayamo. Nimeanza orodha kwenye `tahadhari_maoni.txt`. Mashefu wa avenyi wa Majengo wana mengi ya kusema, nenda ukawasikilize mbele ya kompyuta, kwa sababu wanasahihisha vizuri wakiona visanduku vinasogea.

Mengine ni madogo: jina la kartie Kyeshero lina tahajia mbili, na mizani ya ramani ya A4 haisomeki.

Yanayosubiri

Bango la mazuku liko tayari na limekaguliwa. Maandishi yake yanasema mtoto asilale wala kuchezea mabondeni alfajiri isiyo na upepo, na mwokoaji asiiname kumchukua aliyeanguka kabla ya kuita msaada. Usiyafupishe ili picha iwe kubwa. Chuo kimoja kimeomba mchoro wa ziwa, wape mpya au waambie wangoje.

Diski ya nakala iko kwenye kabati la chuma, rafu ya pili, na ufunguo kwa mhasibu. Nakala inafanyika Ijumaa, umeme ukiwepo. Ukikosekana, kompyuta ndogo inabeba kazi hiyo kwa betri, lakini zima QGIS kwanza.

Bahati