Inveta ya Kituo cha Afya, Ibanda – Bukavu

NYUMBANI
Jumanne 14 Oktoba 2025, 14:20 · Habari zimepokelewa dakika 3 zilizopita

Paneli zinatoa: 3,12 kW
Kituo kinatumia: 1,46 kW
Batri: 78 %, inachaji kwa 1,52 kW
Umeme wa mji: 0,02 kW unaingia
Hali: INAFANYA KAZI · Onyo 1 halijasomwa

*Gusa namba yoyote kupata maelezo.*

› Mbona hesabu haitimii? Paneli na umeme wa mji ni 3,14 kW. Matumizi na batri ni 2,98 kW. Ile 0,16 kW inayokosekana inaliwa na inveta yenyewe na kupotea kama joto wakati wa kubadilisha umeme. Pengo likizidi 0,40 kW mchana kutwa, mwite fundi.

Ujumbe wa fundi: Mama muuguzi, otoklavu iwashwe kati ya 10:00 na 14:00. Ikiwashwa jioni inakula akiba ya friji ya chanjo.

UZALISHAJI
Leo: 13,4 kWh
Jana: 19,1 kWh
Mwezi huu: 231,7 kWh
Tangu kufungwa, 3 Machi 2025: 3 948 kWh

Mstari 1 (paneli 5 za 550 W): 206 V · 8,9 A · 1,83 kW
Mstari 2 (paneli 5 za 550 W): 203 V · 6,35 A · 1,29 kW

⚠ Mstari 2 uko chini ya mstari 1 kwa karibu 30 %.

› Tazama volti kwanza, halafu ampea. Volti zikikaribiana na ampea zikashuka, kama ilivyo sasa, kwa kawaida ni vumbi, majani, au wingu lililofunika upande mmoja wa paa. Volti zikipungua kwa 14 hivi, sehemu moja kati ya tatu za paneli imerukwa: kuna kivuli kikali au paneli yenye kasoro. Zikipungua kwa 40 hivi, paneli nzima haichangii. Mstari ukionyesha volti nzuri na 0 A batri ikiwa imejaa, acha. Inveta inajizuia kwa sababu umeme hauna pa kwenda.

› Osha paneli asubuhi mapema kwa maji matupu na kitambaa laini. Usimwagie maji baridi kioo kilichochomwa na jua la saa sita.

BATRI
Kiwango: 78 % (8,0 kWh kati ya 10,24)
53,1 V · +28,6 A · 24 °C
Seli ya juu 3,34 V · ya chini 3,31 V · tofauti 0,03 V
Itajaa baada ya: saa 1 na nusu hivi
Matumizi ya usiku (0,35 kW): akiba ya saa 17 hivi hadi 20 %

Onyo la kwanza: 35 %
Kuzima: 20 %
Kuwaka tena: 40 %
[ Badilisha – kwa neno la siri la fundi tu ]

› Usipime akiba kwa volti. Batri hizi za lithiamu hukaa karibu na 52 hadi 53 V kwa sehemu kubwa ya safari yake, kisha huanguka ghafla mwishoni. Fuata asilimia. Lakini asilimia nayo hupotoka batri isipojaa kabisa kwa muda mrefu, hasa msimu wa mvua: inasema 45 %, kisha inazima. Dawa ni kuifikisha 100 % angalau mara moja kila wiki mbili, hata kwa kutumia umeme wa mji.

› Tofauti ya seli ikizidi 0,10 V wakati batri iko kati ya 30 % na 80 %, piga picha ukurasa huu umtumie fundi. Karibu na 100 %, tofauti ya muda mfupi haina neno.

UMEME WA MJI
Upo · 187 V · 49,6 Hz
Umechukuliwa leo: 1,1 kWh
Umepelekwa leo: 0,0 kWh
Kupeleka umeme nje: KUMEZIMWA
[ Washa ]

*Ukigusa «Washa»:*

SIMAMA KWANZA. Kupeleka umeme nje kunahitaji makubaliano ya maandishi na kampuni ya umeme pamoja na mita inayohesabu pande mbili. Mita nyingine za kulipia kabla huhesabu umeme unaotoka kana kwamba umeununua: mnaipa laini umeme na vizio vyenu vinaisha. Je, makubaliano yapo?
[ Hapana, rudi ] [ Ndiyo, weka neno la siri la fundi ]

› Kihisi kilichobanwa kwenye waya wa mita ndicho kinachosema umeme unaingia au unatoka. Ukitumia umeme wa mji usiku na hapa pakaandikwa «unatoka», kihisi kimefungwa kinyume. Kisipogeuzwa, mchana inveta itasukuma umeme nje ikidhani inaupunguza.

HITILAFU

F42 · leo, 11:06–11:31 · imeisha
Volti za mji ziko chini (168 V). Inveta ilijitenga na laini, kituo kikaendelea kwa paneli na batri. Hakuna la kufanya. Ikitokea kila jioni, usimwambie fundi ashushe kikomo ili tu onyo linyamaze. Injini ya friji ndiyo itakayoumia.

F58 · 12 Oktoba, 22:14 · imeisha
Inveta haisikii batri. Angalia waya wa RJ45: uanzie kwenye batri mama, si ya pili, na uingie kwenye tundu lililoandikwa BMS. Uchomoe, uurudishe hadi ulie «tik».

F24 · 9 Oktoba, 06:12 · HAIJASOMWA
Umeme wa paneli unavujia ardhini. Onyo hili ni zito hata likijifuta lenyewe. Likija alfajiri baada ya mvua na kuondoka jua likipanda, maji yameingia kwenye kiunganishi cha MC4, au ukingo wa bati umekwangua ngozi ya waya.
1. Mtu yeyote asipande paa wala kugusa fremu za paneli.
2. Zima swichi ya paneli ubavuni mwa inveta. Kituo kitaendelea kwa batri na umeme wa mji.
3. Fundi atenge mistari na kurudisha mmoja mmoja. Unaorudisha F24 ndio wenye kasoro. Kila nguzo ya mstari ipimwe na ardhi: chini ya 1 MΩ haifai.
4. Kiunganishi kilicholowa kikatwe na kufungwa kipya, cha aina moja pande zote mbili. Kuzungushia utepe ni kuficha ugonjwa.
[ Nimesoma ] [ Mpigie fundi ]

*Namba nyingine:*
F35 – umeme wa mji umekatika. Subiri.
F48 – Hz za umeme wa mji ziko chini. Subiri, jenereta ikiwa ndiyo inayolisha, iongezwe mwendo.
F56 – volti za ndani ziko chini, mara nyingi batri imeisha. Punguza mzigo.
F64 – inveta imechemka. Ondoa makatoni yaliyoegemezwa, safisha feni.

MIPANGILIO
Saa: UTC+2 (Bukavu)

› Ikiwekwa saa ya Kinshasa, UTC+1, hesabu ya siku itaanza upya saa saba ya usiku na ratiba ya kuchaji itachelewa saa nzima.

Intaneti: waifai ya 2,4 GHz tu · habari hutumwa kila dakika 5

*Intaneti ikikatika, utaona:* «Habari za mwisho: 09:40.» Hii haimaanishi inveta imezima. Soma kioo chake ukutani kabla ya kubonyeza chochote.