Makabidhiano ya Darasa la Tatu B, Jumatatu hadi Ijumaa

Mwalimu Rehema,

Nakushukuru kwa kukubali kunishikia darasa wiki hii nikiwa kwenye semina. Watoto wako 41, wasichana 22 na wavulana 19. Ni darasa jema, lina maneno mengi tu. Tafadhali soma habari za afya kabla hujaingia darasani. Mengine unaweza kuyapitia wakati wa mapumziko.

Afya

Faraji ana kifafa. Dawa zake anameza nyumbani asubuhi na jioni, kwa hiyo shuleni hatumpi kitu. Kikimshika, kwanza hukodoa macho mahali pamoja na haitiki akiitwa, kisha huanguka na mwili kutikisika. Tazama saa palepale. Sogeza madawati, mwekee sweta chini ya kichwa, na usimkandamize. Usimtie chochote mdomoni, iwe kijiko, dawa au maji. Mtikisiko ukikoma mlaze ubavu na ukae naye mpaka fahamu zimrudie. Ukizidi dakika 5, au ukianza tena kabla hajazinduka, apelekwe hospitali mara moja: mtume mtoto kwa mwalimu mkuu msaidizi, ambaye ana namba ya mama yake na atashughulikia gari. Neema, kiranja, anajua kuwatoa wenzake nje bila kelele. Faraji akizinduka huwa amechoka sana na pengine amejikojolea. Begini mwake mna kaptula ya akiba. Tangu tulipozungumza darasani kwamba ugonjwa huu hauambukizi, wenzake wanamchukulia vizuri, na ningependa sana wiki hii isilegeze hilo.

Salma ana pumu. Pampu yake iko mfuko wa mbele wa begi, na haifungiwi kabatini hata siku moja. Akitoka kwenda uwanjani aende nayo. Akianza kukohoa mfululizo au kifua kikatoa mlio, mkalishe wima, asilale, avute mpulizo mmoja mmoja wa pampu kupitia kile chombo chake cha plastiki, kila baada ya nusu dakika hadi dakika moja, isizidi 10. Asipopata nafuu ni hospitali. Ndiyo sababu anakaa dirishani, mbali na ubao, na ubao tunaufuta kwa kitambaa chenye unyevu ili vumbi la chaki lisiruke. Zamu ya kufuta ubao haimfikii.

Wanavyokaa

Ramani ya madawati nimeibandika ndani ya jalada la daftari la mahudhurio. Nakuomba usihamishe mtu, hata kama atakuja na sababu nzuri. Hamisi na Juma watakuja nayo Jumatatu asubuhi. Ni marafiki wa kweli, na wakikaa pamoja hakuna anayeandika.

Omari hasikii kwa sikio la kushoto. Yuko dawati la mbele upande wa kushoto, ili sikio zima lielekee darasa. Andika kwanza ubaoni, kisha geuka ndipo uzungumze, maana ukisema huku umeangalia ubao hapati hata nusu. Jambo la kuangalia zaidi ni kwamba Omari hujibu "ndiyo" kwa kila kitu, kwa kuona haya kuomba urudie. Kumuuliza kama ameelewa hakusaidii. Mwambie akueleze anachotakiwa kufanya, nawe utajua kilichomfikia.

Zawadi anaandika kwa mkono wa kushoto, hivyo akae ncha ya kushoto ya dawati. Akikaa kulia viwiko vyao vinagongana na mwandiko unaharibika.

Asubuhi na siku nzima

Wanapanga mstari mlangoni, unamsalimia kila mmoja kwa jina, wanaingia. Kila mtoto anachukua kitabu cha hadithi kwenye kasha na kusoma kimya dakika 10 huku ukiita mahudhurio kwa sauti ya chini. Hata kama kipindi kinakubana, usiziruke dakika hizo. Siku zinapokosekana, darasa halitulii mpaka mchana. Aliyekosa siku mbili mfululizo mpeleke jina lake kwa mwalimu mkuu msaidizi.

Ukitaka utulivu, inua mkono na usubiri. Nao watainua, mmoja mmoja, mpaka wote. Inachukua muda kidogo na utatamani kupaza sauti. Vumilia. Ukipaza mara moja, kesho watasubiri upaze.

Choo: kibao cha mti kimening'inia kando ya mlango, anayetoka anakichukua bila kuomba, mmoja kwa wakati. Latifa peke yake anaruhusiwa kutoka wakati wowote, hata kibao kisipokuwepo. Wenzake wameshazoea, usimuulize mbele yao.

Masomo

Andalio la kila siku liko kwenye faili la bluu. Hesabu tumefika kugawanya kwa baki. Kosa lao kubwa ni kuacha baki lililozidi kigawanyo: 17 ÷ 5 wanaandika 2 baki 7. Usiwape kanuni. Wape vizibo 17 vilivyomo kwenye kopo, wapange mafungu ya vitano, wenyewe wataona kwamba katika vile 7 fungu moja bado linatoka, na jibu ni 3 baki 2. Wenye haraka wape maswali ya ukurasa unaofuata, wasikae bure.

Sahihisha madaftari siku ileile, hata kama ni vema tu na neno moja. Hawa watoto hulitafuta hilo neno. Jaribio la Ijumaa liache, nitalitoa mwenyewe.

Kusoma kwa sauti nalo lina watu wake. Baraka anasoma kwa shida, na mwaka jana alichekwa. Usimwite ghafla. Mpe aya yake leo, mwambie ni ya kesho, akaifanyie mazoezi. Akisimama akiwa amejiandaa anasoma mpaka mwisho na kuketi kwa fahari. Asha ana kigugumizi. Akikwama mtazame usoni kwa utulivu na usimmalizie neno, wala usimwambie avute pumzi au apunguze haraka. Anajua anachotaka kusema, na mara nyingi ndiye mwenye jibu sahihi.

Kutoka

Imani anachukuliwa na bibi yake tu. Barua iko ofisini. Mtu mwingine yeyote akija, hata akijitambulisha kuwa baba, usibishane naye mbele ya mtoto. Mwelekeze ofisini, na Imani abaki nawe darasani. Bibi huchelewa kidogo siku za mvua. Mtoto huingiwa na wasiwasi akiona wenzake wameisha, basi mpe kazi ya kupanga vitabu kwenye kasha, huipenda.

Kurasa za mwisho za faili nimeziacha wazi. Naomba uniandikie humo waliokosa, tulipofika kwenye kila somo, na mtoto yeyote uliyemwona amebadilika, hasa aliyekuwa mchangamfu akanyamaza. Hata neno moja na tarehe yanatosha.

Ufunguo wa kabati anao mwalimu wa zamu, na chaki ziko rafu ya juu. Mchana nitakuwa kwenye vipindi, lakini jioni simu yangu iko wazi, na suala la Faraji, Salma au Imani nipigie saa yoyote.

Mwalimu Mariamu