Tafsiri ya ujumbe wa jirani wa Igombe kuhusu mpaka, na jibu la kutia saini

Nyegezi, Jumanne, 18 Machi 2025

Shangazi, shikamoo.

Ujumbe wa Kiingereza ambao Doto alinitumia jana nimeusoma mara tatu kabla ya kuanza kuutafsiri. Umekuumiza, hilo nalijua, hasa pale jirani alipomtaja marehemu mjomba. Hata hivyo, nakuomba uusome upya kwa Kiswahili, kwa sababu alivyokusimulia kijana wa dukani ni vikali kuliko jirani alivyoandika. Kijana alikwambia kwamba jirani amesema "mmevamia". Neno alilotumia jirani ndilo linalotumika kwenye karatasi za ardhi pale ukuta au mti wa mtu unapozidi mpaka, na halisemi kama aliyezidisha alikusudia au hakukusudia. Kuvamia, kwa masikio yetu, ni kazi ya majambazi. Mimi nimeandika "umeingia ndani", na nadhani hapo ndipo maana yake ilipo. Kwa upande mwingine sikumpunguzia ukali pale alipokuwa mkali kweli: sentensi inayohusu anayefaidika ni ya kukutuhumu, nami nimeiacha hivyo hivyo, kwa kuwa tafsiri inayoficha tusi humfanya mtu ajibu barua ambayo hakuandikiwa.

Tafsiri ya ujumbe wake, uliopokelewa Jumapili, 16 Machi 2025:

"Kwa Mama Kulwa. Ninakuandikia kwa sababu mazungumzo ya ana kwa ana yameshindikana. Nilipokinunua kiwanja hiki mwaka 2023 nilionyeshwa bikoni nne, na namba zake ninazo kwenye mchoro. Wiki iliyopita fundi wangu alikwenda kuweka alama za msingi wa ukuta na hakuiona bikoni ya pembe ya juu, ile iliyo karibu na jiwe kubwa. Tulipima kwa utepe kuanzia bikoni ya upande wa pili wa kiwanja changu, tukakuta kwamba ua wenu wa minyaa umeingia ndani kwa mita 1.8 na kwamba banda lenu la kuku lote liko upande wangu. Sijui ni nani aliyeing'oa bikoni hiyo, lakini naona ni nani anayefaidika. Vijana wako wamemfukuza fundi wangu mara mbili, nami nimemlipa siku mbili za kazi ambayo hakuifanya. Niliambiwa pia na aliyeniuzia kwamba marehemu mume wako aliahidi kuusogeza ua huo na hakutimiza. Tena mnalima mboga karibu kabisa na maji, ilhali sheria inataka mita 60. Ninakutaka uondoe banda na ua kabla ya Jumatatu, tarehe 24 Machi, la sivyo nitaviondoa mwenyewe kwa gharama yako. Sipendi ugomvi, lakini sitakubali kunyang'anywa nilichokilipia."

Shangazi, sentensi ya mwisho ndiyo iliyonipa njia ya kuandika jibu. Huyu ni mtu aliyetoa fedha zake, akatoka Kampala kuja kukaa asikojulikana, na sasa anaogopa kwamba amepunjwa. Hofu hiyo unaweza kuitambua bila kukubali kwamba wewe ndiwe uliyempunja.

Katika maneno uliyomtuma Doto aniambie niandike, kuna mambo ambayo nimeyaacha kwa makusudi. Ulisema nianze kwa "samahani kwa usumbufu". Nimeandika "pole" badala yake. Kwetu sisi pole anapewa hata mtu aliyejikwaa njiani mbele ya nyumba yako, wala hakuna atakayesema kwamba wewe ndiwe uliyeliweka jiwe, lakini anayeomba samahani amekwisha kusema kuna kosa lake. Shida ni kwamba nitakapoligeuza jibu hili kwa Kiingereza, maneno hayo mawili huangukia neno moja, na mwenye kutafuta ushahidi atalichukua kwa maana inayomfaa. Kwa hiyo kwenye nakala ya Kiingereza nitaandika kwamba umesikitika kusikia amepata hasara, na nakala zote mbili zitakwenda pamoja.

Ulisema pia kwamba uko tayari kulihamisha banda ili yaishe. Usiseme hivyo kwa sasa, hata kwa mdomo. Banda likihamishwa kabla ya kupima, litasomeka kuwa umekiri, na baada ya banda atakuja kwenye ua. Hata maneno "mpaka wenyewe hatuujui vizuri", ambayo ni ya unyenyekevu, nimeyaondoa. Unaujua mpaka ulivyoonyeshwa mwaka 1987. Kama mchoro unasema vingine, mpima ndiye atakayetuambia.

Kuhusu kipimo chake cha utepe nilitaka kubisha, nikajizuia. Umbali unaoandikwa kwenye mchoro wa upimaji ni wa usawa, ilhali utepe uliolazwa juu ya mteremko wenye mawe kama huo wa kwenu husoma zaidi. Mteremko unaopanda mita 8 katika mita 40 za usawa, utepe utaupa karibu mita 40.8. Hesabu hiyo inaonyesha kwamba kipimo chake si cha kuaminika, lakini nilipoifuatilia hadi mwisho niliona kwamba, ikiwa alianzia upande wa pili na akasimama utepe uliposoma 40, mstari wake ulikomea pungufu, na kipimo sahihi huenda kikamsogeza zaidi kwetu. Nimeandika tu kwamba mteremko unahitaji vifaa vya mpima, na hilo ni kweli kwa pande zote mbili.

Suala la mita 60 limo kweli kwenye Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, lakini linabana viwanja vyote vinavyoshuka ziwani, na ukuta wake mwenyewe, kama alivyouchora kufika majini, hautanusurika. Haliamui mpaka kati yenu. Nimelitenga kwa sentensi moja bila kumrudishia kijembe. Bustani zako za mboga za chini zizungumzwe kando, na ukiweza usipande zaidi huko.

Baraza la Kata sikulitaja. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 kazi yake ni kupatanisha, haliamui tena, na shauri la ardhi haliendi Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kabla ya Baraza la Kata kuthibitisha kwamba upatanishi umeshindikana, au kabla ya siku 30 kupita tangu lifikishwe kwake bila suluhu. Njia hiyo ipo na hatujaipoteza. Ila ukiitaja katika barua ya kwanza, yeye atasikia "tukutane mahakamani", na kesho yake ataandika kwa mkono wa wakili.

Jibu nimeliweka hapa chini. Likikuridhisha, tia saini nakala mbili. Doto ampelekee leo jioni, na jirani asaini ile inayobaki kwako kwamba ameipokea. Kabla ya hapo Doto apige picha ua wote, kuanzia jiwe kubwa hadi chini, pamoja na banda. Vijana nao waambiwe kwamba wakimwona fundi wasimfukuze. Wamsalimie na kumwita mwenyekiti wa mtaa. Na ule sato uliotaka kumpelekea pamoja na barua, mpelekee siku nyingine, kwa maana kitoweo kinachofuatana na karatasi ya madai kitatafsiriwa, na mfasiri hatakuwa mimi.

Igombe, Manispaa ya Ilemela
18 Machi 2025

Kwa Jirani yangu,

YAH: UJUMBE WAKO WA 16 MACHI KUHUSU MPAKA WA VIWANJA VYETU

Salaam. Ujumbe wako nimeupokea na nimeusoma wote kwa makini, kwa Kiswahili, kwa msaada wa mtoto wa kaka yangu. Ninakushukuru kwa kuniandikia moja kwa moja, kwa kuwa jambo linalohusu ua unaotutenganisha ni vyema tulizungumze sisi wenyewe wawili kabla ya wengine kutuzungumzia.

Umeeleza kwamba fundi wako alikwenda mara mbili na kazi haikufanyika, nawe ukamlipa. Pole kwa hasara hiyo. Nimewaelekeza watu wa nyumbani kwangu kwamba mtu yeyote atakayekuja kwa ajili ya mpaka apokewe kwa heshima na nijulishwe kwanza.

Kuhusu mahali mpaka ulipo, ufahamu wangu ni tofauti na maelezo yako. Ua wa minyaa uliopo ndio tulioutumia kama mpaka tangu tulipofika hapa mwaka 1987, na mimi sijaingiza wala kuamuru kuingizwa kitu chochote ndani ya kiwanja cha mtu. Bikoni ya pembe ya juu sijaing'oa, wala sina habari ya aliyeing'oa. Ahadi unayosema ilitolewa na marehemu mume wangu mimi siifahamu, na kwa kuwa yeye hayupo tena kuieleza, ninakuomba tusiijenge hoja juu yake. Matumizi ya ardhi iliyo karibu na maji ni suala linalowahusu wote wanaopakana na ziwa na lina mamlaka yake. Halihitaji kuchanganywa na hili.

Ninaelewa kwamba umelipia kiwanja chako na unataka kukipata chote. Mimi nataka hivyo hivyo kwa changu. Kwa kuwa eneo lina mteremko na mawe, utepe hautatutosha. Ninapendekeza tutafute mpima ardhi aliyesajiliwa, tutakayemkubali sote, aje na mchoro wa upimaji kutoka ofisi ya ardhi ya manispaa, na azitafute bikoni zote mbele yako, mbele yangu na mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Gharama zake tugawane nusu kwa nusu, na kugawana huko kusichukuliwe kuwa mmoja wetu amekubali madai ya mwenzake.

Ili tupange siku ya mpima, ninakukaribisha nyumbani kwangu Jumamosi, tarehe 22 Machi, saa tatu asubuhi, ukiwa na mchoro wako, nami nitakuwa na karatasi zangu. Mtafsiri atakuwapo.

Hadi upimaji utakapokamilika, ninaomba kila mmoja aache vitu vilivyo kama vilivyo: mimi sitaongeza jengo wala kupanda kitu kwenye eneo hilo, nawe usianze msingi wala usiondoe banda au ua tarehe 24. Tena kuhusu ua huo, ninakutahadharisha kwa wema kwamba minyaa inapokatwa hutoa utomvu mweupe kama maziwa, ambao ukimrukia mtu machoni humuumiza vibaya. Nisingependa fundi wako wala mtoto yeyote apatwe na hilo.

Barua hii nimeiandika kwa nia ya kutafuta suluhu, na hakuna lililomo linaloathiri haki ya upande wowote juu ya ardhi yake.

Jirani yako,
Mama Kulwa