Barua kwa Kaka Salum

Kaka Salum,

Shikamoo ya Idi nakufikishia kwanza, maana najua habari zake ndizo unazozingoja. Ametoka hospitali jana asubuhi. Homa imekata, anakula, na chooni anakwenda mwenyewe, ingawa bado anatembea ameinama kama kizee kilichopoteza mkongojo. Nyuzi zitatolewa Jumatano. Mpira na kubeba vitu vizito amekatazwa kwa wiki sita, na hilo linamliza kuliko kidonda.

Uliondoka kabla daktari hajatoka chumba cha upasuaji, kwa hiyo hujui fedha yako ilifika wapi. Kidole tumbo kilikuwa kimekwisha kupasuka. Yale maumivu yaliyotulia ghafla jioni, tukadhani mtoto anapata nafuu, kumbe ndiyo ilikuwa saa yenyewe: kilipopasuka mgandamizo ukaisha, usaha ukamwagika tumboni. Wamemsafisha tumbo, wakamwachia mrija wa kutoa uchafu kwa siku tatu, na antibiotiki akapewa kwa mshipa siku tano. Daktari alisema wazi kwamba kungoja hadi asubuhi kungeacha sumu iingie kwenye damu. Na sisi tulikuwa tunangoja asubuhi, Kaka. Kadi ya bima ilikataa kwa kuwa jina la Idi lilikuwa halijaingizwa, Baba Idi alikuwa safarini hapatikani, na dirishani walitaka malipo ya awali.

Ulikuja kuleta ufunguo tu. Ukauliza kinachotakiwa, ukalipa, ukanipa risiti ikiwa imekunjwa. Hukuniuliza nitarudisha lini, wala hukunipa pole kwa sauti ya kusikiwa na benchi zima. Nakushukuru kwa uhai wa mwanangu, na nakushukuru kwa namna ulivyotoa, maana nilisimama pale dirishani kama mtu aliyelipa mwenyewe.

Ndiyo sababu naandika na sikuiti mbele ya watu. Wanaojua ni mimi, Baba Idi na mama mkwe. Mama alitaka kukuombea dua kwa kukutaja siku ya kisomo. Nimemsihi akuombee kimoyomoyo, na amekubali baada ya mabishano kidogo. Kwenye kundi la wasap la majirani nimeandika kwamba mtoto anaendelea vizuri, basi. Anayeuliza gharama anajibiwa kuwa zimelipwa. Kiasi sikitaji hata humu, kwa kuwa barua huweza kuangukia mkono usio wake.

Sasa karatasi, ambazo zinakuhusu. Malipo ya awali yalihesabiwa pamoja na kitanda cha uangalizi maalumu, na Idi hakukihitaji, kwa hiyo kuna baki. Hospitali hairudishi baki ila kwa mtu ambaye jina lake lipo kwenye risiti, nalo ni jina lako. Nenda na risiti halisi, iliyomo katika bahasha hii, pamoja na kitambulisho chako. Usiiweke juani wala karibu na moto; karatasi za aina hii hufifia wino, na iliyofifia wanaikataa. Mimi nimebaki na nakala. Kama hutaki kupanga foleni, niandikie barua fupi ya kuniruhusu kuchukua, yenye tarehe na sahihi, uambatanishe nakala ya kitambulisho, nami nitakuletea hiyo baki mkononi. Bima wameshaingiza jina la mtoto, lakini ya nyuma hawalipi, kwa hiyo huko usitegemee kitu.

Kile kilichotumika, mimi na Baba Idi tunakihesabu kuwa deni, na tumeshaanza kutenga kidogo kidogo. Fungu la kwanza litaingia kwenye simu yako tarehe 5, bila ujumbe wowote. Lakini kama moyoni mwako ulitoa kama zawadi, nitumie neno moja tu, "yaishe". Hatutabishana, wala hatutakuzungushia fedha hizo kwa mlango wa nyuma kupitia watoto wako. Chagua lile litakalokupa raha. Kwetu yote mawili ni heshima. Na ikiwa siku yoyote utakwama wewe, usipite kwa jirani mwingine kwanza kwa kuogopa tutaona unadai.

Idi tumemwambia alisaidiwa na mtu anayempenda. Akikua, ukiruhusu, atajua ni nani.

Ukija kumwona, njoo ulivyozoea, kwa mlango wa uani. Hatutakuwekea kiti cha mgeni rasmi wala hatutaanza kushukuru upya. Alasiri ndipo anapokuwa macho. Asubuhi dawa ya maumivu humlaza. Ila mpira usimletee.

Wako,
Mama Idi, pamoja na Baba Idi